Video ya vitumbua iliyododa, na ile niliyoirudia

Vitumbua vya shangazi yangu havijawahi kudoda. Anawasha jiko kibarazani kwake, Ngamiani, Tanga, kabla hata ya saa 12 asubuhi, na ikifika saa 3 beseni limebaki na makombo na karatasi zilizolowa mafuta. Kilichododa ni video niliyompiga. Wiki nzima ilifunguliwa mara 438. Ukurasa wangu si mkubwa, lakini video zangu fupi za mapishi kwa kawaida hufika 3,000 na kitu ndani ya siku saba. Hizo 438 ni sawa na kukaanga karai zima halafu ukarudi nalo ndani.

Siku mbili za mwanzo nilifanya wanachofanya wengi, nikaulaumu mtandao. Nikajiambia wamenibania. Nikajiambia saa niliyoposti ilikuwa mbaya, mara sijui hashtegi zimechuja. Siku ya tatu nikaona aibu, maana video ya samaki wa kupaka niliyoitoa wiki iliyotangulia niliiposti siku ile ile ya Ijumaa, saa ile ile 1 usiku, kwa hashtegi karibu zile zile, na ilienda vizuri tu. Kama mtandao ungekuwa na chuki na mimi, ungeanza na samaki.

Basi nikafungua YouTube Studio, pale mwenye ukurasa anapoona takwimu za video zake, nikakaa na kalamu.

Jambo la kwanza nililolipuuza ni hiyo namba 438 yenyewe. Tangu tarehe 31 Machi 2025, YouTube inahesabu mtazamo wa Shorts, yaani video zake fupi, kila video inapoanza kucheza au kujirudia, hata kama mtu ameiona nusu sekunde akaipitisha kwa kidole gumba. Kwa hiyo 438 si watu 438 waliokaa wakatazama. Ni mara 438 ambazo video ilipita mbele ya macho ya mtu. Namba iliyonifaa ilikuwa ile ya waliobaki na waliopitisha: katika kila watu 10 walioletewa video yangu, karibu 6 waliipitisha. Muda wa wastani wa kutazama ulikuwa sekunde 14, na video ilikuwa na sekunde 57.

Hapo unajua kwamba kuna ugonjwa, lakini hujajua ni upi. Grafu ya wanaobaki inakuonyesha watu wameondokea wapi, haikuambii kwa nini. Ili ikuambie, lazima uiweke kando ya video yenyewe na kuitazama sekunde kwa sekunde, kama mtu anayetafuta mahali shati lilipochanikia. Nikachukua daftari, nikaiandika video yangu yote.

Sekunde 4 za kwanza: nembo ya ukurasa wangu inazunguka, muziki wa taarabu nyuma. Kuanzia ya 4 hadi ya 11: mimi, uso mzima, nasema asalaam aleikum, habari zenu wapenzi watazamaji, karibuni tena katika ukurasa wetu, leo nipo na shangazi yangu kipenzi. Kuanzia ya 11: mchele uliolowekwa unamwagwa maji, unaingia kwenye blenda, blenda inaunguruma. Ya 33: kuchanganya. Ya 39 hadi ya 46: shangazi anachovya kidole kwenye sufuria ya tui na kusema, "Hapa ndipo watu wanapoiua hamira. Tui likikuchoma kidole, subiri." Halafu vitumbua vinaiva, sahani inapambwa, mimi tena, nakumbusha watu wabonyeze kengele.

Nikaweka grafu pembeni. Sekunde ya 4, nembo inapomaliza kuzunguka, walikuwa wamebaki asilimia 46. Yaani zaidi ya nusu ya watu waliondoka wakiwa hawajaona hata punje ya mchele. Salamu yangu ikawatoa wengine, na sekunde ya 11 wakabaki 29. Kuanzia hapo mstari ukateremka taratibu kupitia mchele na blenda, hadi 15 kwenye sekunde ya 38.

Halafu ukapanda kidogo.

Ulifika 19 kwenye sekunde ya 42, ukashuka tena, ukamalizia 8 mwisho kabisa. Mstari wa grafu hii hauwezi kupanda kwa sababu ya watu wapya tu. Unapanda hasa kwa sababu waliopo wamerudisha nyuma kuangalia tena, au wameruka mbele kufika hapo. Kwenye video ya watazamaji wachache kama yangu ni rahisi kujidanganya, maana asilimia 4 ya mitazamo 438 ni kama mitazamo 17, na mitazamo 17 inaweza kuwa bahati nasibu. Ningekuwa na hilo peke yake nisingelijengea nyumba. Lakini chini ya video kulikuwa na kamenti 11. Nne zilikuwa za jamaa zangu wakisema mashaallah. Tatu ziliuliza jambo moja kwa maneno tofauti: hamira inakufaje? Tui liwe la moto kiasi gani? Mbona vyangu haviumuki na hamira ni mpya?

Sekunde ya 39 ndipo walipotakia kuingilia. Mimi niliwapitisha kwanza uani, stoo na kwenye picha za harusi.

Kabla ya kugusa kamera nilifanya jaribio moja dogo ambalo sasa nalifanya kwa kila video. Nilimwendea kijana wa bodaboda anayeegesha mkabala na kwa shangazi, nikamwonyesha sekunde 3 za mwanzo bila sauti, nikafunika simu, nikamuuliza, "Hii video inahusu nini?"

Akafikiri. "Tangazo la duka, bro?"

Sikumlaumu. Nembo inayozunguka, rangi za dhahabu, jina kwa herufi za madoido: na mimi ningedhani duka la vitenge.

Jioni nikaenda kwa shangazi kumweleza kwamba nataka kuirudia. Nilidhani atakataa, kwa sababu mara ya kwanza tulimchosha nusu siku.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na hiyo simu yako tena?"

Nikamwonyesha grafu. Hakuielewa na wala hakujali kuielewa, lakini alipoitazama video akacheka. "Mie umeniweka nyuma ya mchele," akasema. "Hebu njoo asubuhi ukae hapa, uone mteja mgeni anavyokuja."

Nikaenda. Saa 12 na nusu akapita mama mmoja na mtoto wa shule, hawajawahi kununua pale. Yule mama akatupa jicho kwenye beseni, akapunguza mwendo, hakusimama. Shangazi hakumwita, wala hakumweleza mchele umelowekwa tangu lini. Alichukua kitumbua kimoja cha moto, akakipasua kwa vidole viwili, akakinyanyua. Mvuke ukatoka, vitundu vikaonekana ndani kama sega la asali. Mama akasimama. "Bei gani?" Ndipo maneno yakaanza, na salamu zikapatikana ndani ya maneno.

Nimemwona shangazi akipasua kitumbua hivyo tangu nikiwa darasa la pili, na sikuwahi kuona kwamba ile ni video.

Niliporudi nyumbani nikagundua kwamba nilikuwa nimechanganya vitu viwili. "Vitumbua vya shangazi" ni mada. Mada haina mvutano, ni jina la sahani tu, na mtandao umejaa vitumbua. Wazo ni kitu kinachoweza kuulizwa na kujibiwa, na wazo langu lilikuwa limejificha kwenye sekunde 7 za katikati: kwa nini kitumbua kimoja kinaumuka na kingine hakiumuki, ilhali mchele ni ule ule? Kila anayepika vitumbua ana jibu lake la swali hilo. Mmoja atakwambia moto mdogo, mwingine mchele mpya haufai, mwingine atakwambia jicho la mtu. Ukimwekea mtu kama huyo swali mbele yake, anabaki, kwa sababu anataka kuona kama jibu lake ndilo.

Kwa hiyo sikukata ile ya zamani ikawa fupi. Nilishajaribu kufanya hivyo kwa video nyingine huko nyuma, unatoa nembo, unatoa salamu, unaharakisha blenda, na unachopata ni video mbovu iliyo fupi. Ile ya sekunde 57 ilipangwa kwa mfuatano wa mapishi, na mapishi yanaanza na mchele. Mpya ilibidi ianzie kwenye matokeo, irudi kwenye sababu, imalizie na kipimo ambacho mtu anaweza kukitumia asubuhi inayofuata.

Nikaandika kwa shangazi kwenye karatasi: rojo mbili, mchele ule ule, hamira ya pakiti ile ile, tofauti moja tu, joto la tui. Akasema, "Yaani unataka nipike vibovu makusudi?" Nikasema ndiyo. Akanyamaza. Mwishowe akasema vile vibovu nisije nikavionyesha vikiwa kwenye beseni lake, na nikamwahidi.

Hapa niseme jinsi hamira inavyotumika pale, kwa sababu jaribio lote limekaa juu yake. Shangazi hasagi mchele na hamira pamoja. Anasaga mchele uliolala kwenye maji usiku kucha, kwa tui jepesi kidogo, mpaka ukiusugua kati ya vidole usisikie chenga. Pembeni anapasha tui zito, anatia sukari na iliki, na hamira anainyunyizia humo humo kwenye tui, anaiacha kama dakika 5 ndipo anaimimina kwenye mchele. Hamira ni kiumbe hai. Kwenye tui la uvuguvugu inaamka na kula sukari. Tui likifika nyuzi 60 au zaidi, karibu yote inakufa pale pale, na hata ukilipoza baadaye haifufuki.

Siku ya kwanza ya kupiga picha ilikuwa hasara tupu. Nilitaka tui la upande mbaya liwe la moto wa kweli, na lilikuwa la moto wa kweli lilipotoka jikoni. Halafu nikaanza kurekebisha stendi ya simu. Nikahamisha meza ili mwanga wa dirishani uje ubavuni. Nikafuta kioo cha kamera, kikaingia mvuke, nikafuta tena. Nilipomwambia shangazi "haya, tia hamira," ilikuwa imepita kama robo saa. Saa moja baadaye rojo zote mbili zimeumuka, zimejaa mapovu, zinapendeza kabisa. Nikatumbukiza kipimajoto kwenye tui lililobaki sufuriani, lakini baada ya muda wote ule hakikuwa na la kuniambia, na nikaona aibu zaidi nilipokumbuka kwamba kidole changu kilikuwa kinaingia bila shida hata wakati ule nilipotoa amri. Tui lilishapoa. Nusu kilo ya mchele na nazi mbili zikaliwa na watoto wa jirani, na mimi nikarudi bila klipu hata moja.

Tofauti ingeonekana mapema kama ningepima wakati wa kutia hamira, si baadaye. Siku ya pili nikapanga kila kitu kwanza: meza, stendi, mwanga, kikombe cha maji badala ya tui kujaribia. Kamera ikiwa tayari inarekodi ndipo nikamwita shangazi na sufuria. Kipimajoto kikasema nyuzi 78 upande mmoja na 38 upande wa pili, hamira ikaingia kotekote kwa wakati mmoja.

Kulikuwa na tatizo jingine ambalo sikulitegemea, rangi. Rojo nyeupe kwenye bakuli jeupe la plastiki, ukiipiga kutoka juu, haionekani kitu. Simu inaona weupe mwingi, inajirekebisha yenyewe, picha inakuwa kama karatasi. Imeumuka au haijaumuka, huwezi kujua. Nikahamia kwenye chupa mbili za kioo za jemu, nikazipiga kutoka ubavuni, na kila moja nikaizungushia mpira wa kufungia hela pale rojo ilipoishia. Rojo ikipanda juu ya mpira, hata mtoto anaona. Hamira tuliichanganya na tui kwenye vikombe vya bati, kwa sababu tui la nyuzi 78 likimiminwa kwenye kioo baridi linaweza kukipasua. Halafu nikabonyeza skrini na kushikilia mpaka simu ikafunga mwanga, ili isije ikabadilisha rangi katikati ya kurekodi.

Nikaacha simu inarekodi saa nzima. Chupa ya nyuzi 38 ikapanda juu ya mpira kama upana wa vidole viwili. Ile nyingine ikabaki kwenye mpira kana kwamba imechorwa. Shangazi akaziangalia zote mbili kwa muda, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Maskini." Sijui aliionea huruma hamira au mchele.

Tukakaanga zote kwenye karai moja, moto mmoja, rojo moja mashimo ya kushoto na nyingine ya kulia. Kwa nje usingevitofautisha sana; vile vibovu vilikuwa vidogo kidogo na vizito mkononi. Ukivipasua ndipo unaona: kimoja vitundu, kingine kimeshikana ndani kama ugali uliolala.

Kwenye kuhariri nilitumia CapCut, na kazi kubwa haikuwa athari wala muziki, ilikuwa kuamua mpangilio. Video mpya ina sekunde 31. Sekunde 3 za kwanza ni mikono ya shangazi inapasua vitumbua viwili kwa pamoja, na sauti yake: "Hiki kizima. Hiki kimekufa." Maandishi juu ya skrini: "Mchele ule ule. Hamira ile ile." Maandishi niliyaweka juu ya katikati, kwa sababu mara ya kwanza niliyaweka chini kabisa na yakafunikwa na jina la video na vitufe vya pembeni. Kuanzia sekunde ya 3 hadi ya 8 ni zile chupa, saa nzima imebanwa kuwa sekunde 5. Hizo ndizo zinazomaliza ubishi wa moto na mchele, bila neno hata moja. Sekunde ya 8 shangazi anasema ukweli: tui lilikuwa la moto mno, limeiua hamira.

Hapo nilisitasita sana. Kuna kundi la watengeneza video wanaoamini jibu lazima lishikiliwe mpaka sekunde ya mwisho, ili mtu asitoke. Nilitengeneza toleo la namna hiyo, nikalitazama mara tatu, nikalichukia. Linakufanya ujisikie unachezewa. Isitoshe jibu la "tui la moto" halimsaidii mtu mpaka ajue moto ni kiasi gani, na hilo ni swali jipya linalozaliwa palepale. Ndiyo maana jibu la kwanza lilikaa sekunde ya 8, na mtu aliyelipata bado alikuwa na sababu ya kungoja. Sekunde ya 16 hadi ya 21 niliweka kipimajoto. Ya 21 hadi ya 27, kidole cha shangazi kwenye tui: "Likikuchoma kidole, na hamira nayo imeungua. Subiri." Mwisho ni vitumbua kwenye karai, mkono unanyanyua kimoja na kukishika kama unaotaka kukipasua, na video inakatika hapo. Inapojirudia, kupasua ndiko kunakoanza, na mshono hauonekani.

Ugomvi ulikuja nilipompelekea shangazi aone. Alitazama mpaka mwisho, ikajirudia, akatazama tena. Kisha akaniangalia.

"Salamu iko wapi?"

"Shangazi, salamu ndiyo iliyowafukuza watu mara ya kwanza."

"Unaingia majumbani mwa watu bila hodi? Na sura yangu mie ndiyo unayoingia nayo?"

Sikuwa na jibu. Kwa mtu wa umri wake, na kwa mtu wa pwani, hilo si suala la grafu. Nilimkumbusha yule mama na mtoto wa shule, kwamba kitumbua kilitangulia na salamu ikafuata. Akasema yule alikuwa anapita njiani, haikuwa nyumbani kwake. Tukavutana mpaka chai ikapoa. Mwishowe tukakubaliana kwamba "Asalaam aleikum, karibuni" itaandikwa, isisemwe, kwa herufi ndogo chini ya yale maandishi ya kwanza, ndani ya sekunde zile zile 3. Haikula muda wowote. Mpaka leo naona yeye ndiye aliyeshinda, na video haikudhurika.

Kabla ya kuposti nikarudi kwa yule wa bodaboda. Sekunde 3, bila sauti, nikafunika simu. Safari hii hakunijibu inahusu nini. Aliuliza, "Kwani hicho kingine kimefanyaje?" Nikaondoka bila kumwambia.

Niliiposti Ijumaa, saa 1 usiku, kama ile ya kwanza, na ya kwanza sikuifuta. Ndani ya siku saba ilifunguliwa mara 5,900 hivi. Katika kila watu 10, karibu 7 walibaki. Muda wa wastani ulikuwa sekunde 24 kati ya 31. Siwezi kuapa kwamba ni mpangilio peke yake ulioleta hayo, kwa sababu nilibadilisha mambo mengi kwa mpigo: urefu, mwanzo, picha, hata nani anasema. Ungetaka kujua kwa hakika ni lipi, ungebadilisha moja moja, na mchele ungekwisha Tanga nzima. Ninachoweza kusema ni kwamba pale mwanzoni, mahali nilipopoteza zaidi ya nusu ya watu, safari hii hapakuwa na mporomoko.

Mporomoko ulikuwa kwingine. Kati ya sekunde ya 16 na ya 21 mstari ulianguka kutoka asilimia 79 hadi 70, na hapo ndipo penye kipimajoto changu. Nilikipenda kile kipimajoto. Nilikiazima kwa rafiki anayeoka keki, nikakipiga kwa karibu, namba zinapanda, unaona mvuke. Lakini watu wanaopika vitumbua hawana kipimajoto na hawana mpango wa kununua, na nilipowaonyesha nyuzi 78 ni kana kwamba niliwaambia hii kazi si yako. Kidole cha shangazi kilitosha. Ningelikata lile pande, video ingebaki na sekunde 26 na isingepungukiwa kitu.

Kamenti ndizo zilizonifurahisha zaidi ya namba, kwa sababu zilikuwa maswali ya watu waliokwenda jikoni. Dada mmoja wa Muscat anatumia tui la kopo, akauliza kama alipashe kabisa au aliache la kawaida. Nikamjibu kwamba hamira haihitaji tui lipashwe, inahitaji tu lisiwe la baridi sana. Asubuhi ya joto la huko, tui lililokaa juu ya meza linatosha, ila kuumuka kutachukua muda kidogo zaidi. Mwingine alitaka kujua kama mandazi nayo yanakufa hivyo hivyo. Yanakufa.

Halafu akaja mama mmoja wa Pangani na maneno makali. Anasema yeye anatia tui linalochemka kila siku ya Mungu na vitumbua vyake vinaumuka, na kwamba mimi na shangazi yangu tunapotosha watu.

Nilimsomea shangazi kwa simu. Nilidhani atakasirika. Akauliza jambo moja tu: "Hamira anaitia wapi?"

Nikamuuliza yule mama. Akajibu usiku ule ule: tui la moto anasagia mchele, hamira anainyunyiza mwisho kabisa, rojo ikiwa imeshatoka kwenye blenda.

Basi hakukosea, na sisi hatukukosea. Mchele uliolala kwenye maji ni wa baridi, ukikutana na tui la moto unalipoza, na mpaka blenda imalize kuzunguka rojo imekuwa ya uvuguvugu. Hamira yake haijawahi kukutana na ule moto. Nikamwambia shangazi hivyo, akakaa kimya kidogo, nikasikia kifuniko cha sufuria kikiwekwa chini.

"Njoo Alhamisi," akasema. "Mchele nitauloweka Jumatano. Na hicho kipimajoto chako kibaki kwenu."